Mchoro wa pampu iliyofumuliwa: prompti haifungui kifaa

Swali: Nauza pampu za maji za umeme za hosipawa 1 hapa Morogoro. Nataka tangazo lenye picha ya pampu iliyofumuliwa, vipande vikielea kwa mstari ili mteja aone kilichomo ndani. Programu ya akili mnemba inanipa picha ya kuvutia, lakini fundi wangu kila akiitazama anasema hakuna pampu ya namna hiyo duniani. Nimeongeza maneno kama `highly detailed` na `technically accurate`, hakuna kilichobadilika. Kuna kijana WhatsApp anauza prompti 300 za siri za michoro ya aina hii. Ninunue, au nakosea wapi?

Jibu: Usinunue, na fundi wako msikilize. Kazi yangu ni kuchora vifaa kwa ajili ya vitabu vya maelekezo na matangazo, na siku hizi wateja wengi wanaokuja kwangu wana picha kama yako mkononi. Wote wanaamini kwamba programu inaijua pampu, ila imefichwa nyuma ya mlango ambao neno fulani litaufungua. Dhana hiyo ndiyo inayowapotezea pesa, na ndiyo inayowalisha wauzaji wa prompti.

Programu hizi zimefunzwa kwa picha nyingi mno zilizoandamana na maelezo. Kilichobaki ndani yake ni sura ya mambo: mchoro wa namna hii huwa na duara ngapi zilizofuatana, chuma hung'aa vipi, shaba huwa na rangi gani. Haina orodha ya vipuri, wala haijui kwamba shafti lazima ipite kwenye tundu la impela. Ukiiandikia `technically accurate` haifanyi ukaguzi wowote. Inakuletea picha yenye sura ya michoro ambayo watu waliiita sahihi: mistari myembamba, karatasi ya buluu, vinamba vidogo visivyosomeka. Umeomba usahihi, umepewa mavazi yake.

Tuitazame pampu yako yenyewe. Pampu ya kawaida ya hosipawa 1 ya umeme wa fezi moja, ukianza upande wa maji, ina kasha la chuma lenye umbo la konokono, kisha nati na impela, kisha sili, kisha bamba linalotenganisha maji na mota. Nyuma ya bamba kuna rota juu ya shafti yake, ikiwa na beringi mbele na nyuma. Inafuata bodi ya mota yenye koili za stata, na juu yake kisanduku cha nyaya chenye kapasita. Mwisho ni bamba la nyuma, feni na kifuniko chake. Sijaona picha ya prompti tupu iliyopatia vyote hivyo kwa mpangilio wake, na makosa yanajirudia sehemu zilezile tatu.

La kwanza ni impela. Neno `impeller` linaileta programu karibu na panga za boti na turbo za magari, kwa hiyo unapewa panga tatu zilizopinda kama za injini ya mashua. Impela ya pampu yako huenda ni sahani bapa iliyofungwa pande mbili, ina tundu katikati ambapo maji yanaingia, na mapezi yaliyopinda yamejificha kati ya sahani hizo. Maji yanatokea ukingoni. Mkulima aliyewahi kubadilisha impela akiona panga za boti kwenye tangazo lako atajua mara moja kwamba muuzaji hajawahi kuifungua bidhaa yake.

La pili ni rota, na hili ndilo linaloniudhi kuliko yote kwa sababu linasema uongo wenye maana. Programu hupenda kuizungushia rota nyaya za shaba, halafu ikaweka komyuta na brashi mwishoni, kama kwenye drili ya mkononi. Mota ya pampu yako haiko hivyo. Rota yake ni silinda laini ya chuma yenye mistari midogo iliyokaa mshazari, haina waya hata mmoja uliosokotwa juu yake. Nyaya za shaba zote ziko kwenye stata, ambayo haizunguki. Tofauti hiyo mteja anailipia, maana mota isiyo na brashi haihitaji kubadilishiwa brashi. Sasa tangazo lako linaandika chini «haihitaji matengenezo ya mara kwa mara» huku picha ya juu ikionyesha brashi.

La tatu ni sili. Hiki ni kipuri kidogo chenye nusu mbili: nusu moja ina springi na inazunguka pamoja na shafti nyuma ya impela, nusu ya pili ni pete ya kauri iliyokaa kwenye bamba. Nyuso zake mbili zinazosuguana ndizo zinazozuia maji yasiingie kwenye mota. Picha za prompti huiweka popote penye nafasi, mara nyingine upande wa feni, mahali ambapo maji hayafiki kabisa. Pampu iliyofungwa kwa mpangilio huo ingelowesha koili siku ya kwanza.

Ukishaona hivyo utaelewa kwa nini maneno ya siri hayasaidii. Prompti 300 zimeandikwa na mtu ambaye hajawahi kuiona pampu yako, na ni wewe tu uliye nayo. Hatua ya kwanza, kwa hiyo, ni spana. Mwambie fundi aifungue pampu moja mbele yako, apange vipande sakafuni kwa mfuatano aliovitoa, wewe upige picha na kuandika orodha. Andika umbo linaloonekana kwa macho, achana na jina. Jina la kipuri huileta programu kwenye fujo ya picha zenye jina hilo, lakini umbo halina mambo mengi ya kuchanganya. Neno `exploded` nalo likikaa peke yake lina hatari, kwani mara nyingi huleta vumbi na vipande vinavyoruka kama vya bomu. Ni salama zaidi kueleza kwamba vipande vimetenganishwa kwenye mstari mmoja.

Kwa pampu yako ningeanza hivi, kwa Kiingereza, kwa kuwa programu nyingi bado zinaelewa Kiingereza vizuri zaidi:

```
Technical illustration, isometric, orthographic, plain white background.
Seven parts separated along one straight axis, lower left to
upper right, equal gaps, none touching, all tilted the same way:
1 snail-shaped iron shell, round port in front, second port on top
2 flat closed disc, hole in centre, narrow curved slots at the rim
3 small black ring with a steel spring
4 round iron plate with a centre hole
5 smooth steel cylinder, fine slanted lines, long shaft,
  a ball bearing at each end
6 finned grey tube, copper coils inside, small box on top
7 end plate, plastic fan and round grille cover, close together
Thin grey centre line through all parts. Unlabelled.
```

Utaona nimeviunganisha vipuri hadi makundi saba. Nikizidisha hapo, programu huanza kurudia kipande kimoja mara mbili au kuyeyusha viwili kuwa kimoja. Skrubu, pete ya mpira na nati nimeziacha nje kwa makusudi. Mchoro wa tangazo unaruhusiwa kuacha kipuri. Hauruhusiwi kuongeza kisichokuwapo, na tofauti ya mambo hayo mawili ishike vizuri. Majina ya vipuri pia usiombe yaandikwe na programu, maana herufi zitaharibika na mishale itaelekea pasipo. Yaweke mwenyewe baadaye kwenye Inkscape au Canva, kwa Kiswahili cha mafundi wako.

Hata hivyo prompti hii itakupa rasimu tu. Itakusaidia kuamua mpangilio, rangi na nafasi ya maandishi, basi. Ukitaka kujua kwa nini, chukua rula.

Katika mchoro wa isometriki wa kweli mihimili mitatu ya kifaa inaachana kwa nyuzi 120, na shafti iliyolala inapanda kwa nyuzi 30 kutoka mstari wa chini wa karatasi. Mistari sambamba inabaki sambamba, haikaribiani ikielekea mbali. Duara linalotazamana na mhimili linakuwa duaradufu ambayo upana wake mfupi ni takriban asilimia 58 ya mrefu: likiwa na urefu wa milimita 100, upana uwe karibu 58. Chapisha picha yako, pima mdomo wa kasha mbele, kisha pima kifuniko cha feni nyuma. Mara nyingi utakuta cha mbele kimefunguka asilimia 70 na cha nyuma 45, kila kipande kimeinama kivyake. Jicho la mtu wa kawaida linaona kuna kitu hakikai sawa bila kujua ni nini, lakini fundi anaona wazi kwamba shafti ikisukumwa mbele haitapita kwenye matundu. Mchoro wa namna hiyo kazi yake yote ni kuonyesha jinsi vitu vinavyoingiana. Usipofanya hivyo haujafanya chochote.

William Farish, profesa wa Cambridge aliyeandika kuhusu mtazamo huu mwaka 1822, alikuwa na shida iliyo karibu sana na yako. Alifundisha mashine kwa mifano aliyoifunga na kuifungua kwa vipande vilevile, na alihitaji michoro ambayo wasaidizi wake wangeitumia kuifunga upya bila kubahatisha. Alichagua isometriki kwa sababu vipimo vya mihimili yote mitatu vinabaki kwenye skeli moja, mtu anaweza kupima kwenye mchoro na kuamini alichopima. Ukiiomba programu `isometric` bila kitu kingine, sana sana itakuletea mtindo wa michezo ya simu, vijumba vya rangi laini vinavyotazamwa kutoka juu.

Njia inayofanya kazi ni kuipa programu umbo la kweli, kisha kuiruhusu ishughulikie mwanga na mandhari peke yake. Kama kiwanda kinachokuletea pampu kinaweza kukupa faili ya `STEP`, yaani faili ya kompyuta yenye umbo kamili la kila kipande, usihangaike na picha. Ifungue kwa FreeCAD, vuta vipande kwenye mhimili wa shafti, peleka Blender, weka kamera kwenye `Orthographic` na mzunguko wa X nyuzi 54.736, Z nyuzi 45. Hapo isometriki yako ni ya hesabu, haina ubishi.

Wauzaji wengi hawapewi faili hiyo, kwa hiyo nitakueleza njia ya simu, maana ndiyo utakayoitumia. Tandika karatasi kubwa nyeupe sakafuni mahali penye mwanga wa kivuli. Chora juu yake mstari mmoja kwa penseli, huo ndio mhimili wa shafti. Simu iwe juu ya ngazi, kimo cha mita 2.3 kutoka sakafuni na umbali wa mita 3.3 kwa mlalo kutoka kipande, ili itazame chini kwa nyuzi karibu 35. Mstari wa penseli uwe umeachana nyuzi 45 na mwelekeo wa simu. Vuta picha karibu kwa lenzi ya zumu, usisogee wewe. Umbali huo ndio unaopunguza kukaribiana kwa mistari, na mtu anayepiga kwa karibu akiinamia kipuri hataipata isometriki kwa ujanja wowote wa baadaye.

Sasa weka kipande kimoja baada ya kingine mahali palepale, tundu lake likiwa limeelekea kwa kufuata mstari, na usiiguse simu. Sahani kama impela na bamba haziwezi kusimama zenyewe, zishikilie kwa udongo wa mfinyanzi au plastisini nyuma yake. Baada ya hapo kata mandhari ya kila picha kwenye GIMP au Photopea, panga vipande kwenye mstari mmoja wa nyuzi 30, acha nafasi sawa, na usibadilishe ukubwa wa kipande chochote peke yake. Ukifika hapo una mchoro uliofumuliwa wa pampu yako, wenye kutu kidogo na alama za vidole, lakini ni wa kweli.

Hiyo ndiyo picha ya kuipa programu. Kwenye Stable Diffusion kuna kipimo cha `Denoising strength`, kuanzia 0 hadi 1, kinachoamua programu ibadilishe kiasi gani. Mimi hubaki kati ya 0.25 na 0.35. Chuma kinasafika, vivuli vinatulia, umbo linabaki. Nikivuka 0.5 naanza kuona mapezi ya bodi yakipungua na beringi ikigeuka pete tupu. Kwenye programu za kuzungumza nazo, pakia picha na uagize mwanga na mandhari tu vibadilike, umbo na idadi ya vipande vibaki. Usiamini kwamba imetii. Weka matokeo juu ya picha yako ya awali kama tabaka, punguza uzito wake nusu, kisha liwashe na kulizima. Kitakachorukaruka ndicho kilichobadilishwa. Rekebisha eneo hilo peke yake kwa kurudishia kipande chako halisi, usitengeneze picha nzima upya, la sivyo utapoteza na vile vilivyokuwa sawa.

Kabla ya kuchapisha mpe fundi karatasi na kalamu, usimwulize kama picha ni nzuri. Mwambie aifunge pampu kwa kidole, kipande kwa kipande kutoka kushoto, na aweke alama kila anapokwama. Pale anapokwama ndipo penye kosa.

Kuna watakaokuambia mteja haangalii hayo yote, anataka tu picha ya kuvutia. Nimechoka kuisikia hoja hiyo. Mteja wa kifaa hununua pamoja na fundi wake, na picha iliyofumuliwa ndiyo picha pekee katika tangazo inayodai kusema ukweli wa ndani. Picha ya nje mtu anaweza kuilinganisha dukani. Ya ndani anaiamini kwa sababu hawezi kuifungua kabla ya kulipa. Nimeona tangazo la hita ya maji lililoonyesha kidhibiti joto na waya wa ethi ambavyo kifaa chenyewe hakikuwa navyo. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Programu ilivichora kwa kuwa hita nyingi kwenye picha zinavyo, na msanifu hakufungua hita. Aliyeinunua aliiamini kinga ambayo haikuwepo. Tukihama kutoka pampu kwenda regyuleta ya gesi, swichi za umeme au vifaa vya hospitali, kipuri cha kubuni kinaweza kumuumiza mtu.

Na sheria haiulizi nani alichora. Tanzania tunayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, na inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara. Kenya wana Sheria ya Ulinzi wa Mlaji ya mwaka 2012, nayo inakataza kueleza bidhaa kwa uongo. Usitegemee kuandika kwa herufi ndogo «picha ni ya kielelezo». Kielelezo kinaweza kurahisisha, lakini maandishi hayo hayakigeuzi kipuri cha kubuni kuwa kipuri cha kweli. Yule kijana wa WhatsApp hatakuwapo siku mnunuzi atakaporudi dukani na picha yako mkononi akidai sili aliyoiona.

Jambo la mwisho ni la duka lako. Kama unauza pia ya nusu hosipawa, usitumie mchoro huu kwa zote mbili kwa kupunguza ukubwa. Baadhi ya pampu ndogo za saizi hiyo zina impela ya shaba nyeupe yenye meno mafupi ukingoni na kasha la duara, siyo la konokono, na ndani hazifanani kabisa na hii. Ifungue nayo kwanza. Usipopata nafasi ya kuifungua, weka picha yake ya nje tu.